Vyoo 8, watu 400, udongo mweusi: shimo lililotakiwa kukaa miezi 5 limejaa kwa siku 17

Mwangaza_Eastlands
Habari zenu. Naomba ushauri kutoka kwa wanaojua kazi hii. Ni kambi ya muda ya familia zilizoondolewa kando ya mto, watu karibu 400, wamewekwa kwenye uwanja wa wazi huku Eastlands. Vyoo vya shimo vimechimbwa 8, kila shimo mita 1.2 kwa 1, kina mita 2. Hesabu tuliyopewa mwanzoni ni kwamba kila shimo lingekaa miezi mitano kabla ya kujaa. Mashimo yote yamefika sentimita 50 chini ya slabu siku ya 17. Udongo ni ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Mvua inanyesha.

Ndani kuna vitambaa, nepi, chupa na mifuko ya magunia. Mapipa ya taka yapo mawili tu, yote langoni. Kuna aliyependekeza tumwage chokaa ili tope lipungue. Kuna anayesema tuchimbe mashimo mengine 8. Tuanzie wapi?

Karuti_Plot10
Hata mimi plot yangu septiki inajaa kila baada ya miezi miwili, na wapangaji ni 14 tu. Fundi alisema ni ukubwa wa tangi. Nipanue au nichimbe nyingine?

FundiMajitaka
Ndugu Karuti, hiyo yako ni habari nyingine, ingawa udongo huenda ni ule ule. Angalia kwanza shimo la kunywea maji linalofuata baada ya septiki. Kama maji yamesimama mpaka kwenye bomba la kuingilia, tangi halina kosa. Ukilipanua litajaa tu kama hili. Fungua uzi wako tukujibu huko.

Mwangaza, kabla ya kusema lolote nijibu mambo mawili. Wangapi kambini wanatumia maji kuchamba na wangapi karatasi? Na ukitia mti mrefu shimoni, unazama mpaka chini kwa urahisi au unakwama juu?

Mwangaza_Eastlands
Karibu nusu wanatumia maji. Mti unapenya tabaka la juu kwa shida, kama sentimita 30 za vitambaa na plastiki, halafu unazama kama kwenye uji mwepesi mpaka chini.

FundiMajitaka
Basi jibu umeshalitoa mwenyewe. Hilo shimo limejaa maji, na juu yake kuna kifuniko cha taka.

Hesabu ya miezi mitano haikubuniwa, ila imetumiwa mahali pasipoifaa. Aliyeipiga alichukua ujazo wa shimo hadi sentimita 50 chini ya slabu, yaani 1.2 × 1 × 1.5, unapata lita 1,800. Akachukua tope linalobaki kwa mtu mmoja kwa mwaka, lita kama 60, akaongeza nusu yake kwa sababu shimo ni jipya na kinyesi hakijapata muda wa kuoza, ikawa 90. Mara watu 50 ni lita 4,500 kwa mwaka. Gawa, unapata kama miezi mitano. Sawa kabisa, lakini hesabu hiyo inadhani maji yote yanatoroka kwenye kuta za shimo.

Sasa piga ya pili, ya kinachoingia kila siku. Mkojo na kinyesi kwa mtu mmoja ni kama lita 1.4, kwa hiyo watu 50 wanaleta 70. Wanaochamba kwa maji ni 25, kila mmoja lita 2 kwa siku, hiyo ni 50 nyingine. Jumla lita 120 kwa siku. Kuta zisiponywa chochote, lita 1,800 zinaisha siku ya 15. Wewe umefika siku ya 17. Maana yake udongo umenywa kidogo mno, na sasa umeacha kabisa.

Kuta zenu zina eneo la mita za mraba 6.6. Kwenye mchanga, mita moja inaweza kunywa lita 25 au zaidi kwa siku, na shimo kama hili lisingefurika. Udongo wa mfinyanzi haufikishi hata lita 10, na ukishalowa na matundu yake kuzibwa na tope, kiasi hicho kinapungua tena. Kwa hiyo ukichimba mashimo mengine 8 umejinunulia wiki mbili, na kuta zake zikivimba huenda zikabomoka kabla ya hapo.

Nuru_Hagadera
Nakubaliana na Fundi kuhusu maji. Lakini msilipuuze lile tabaka la juu, kwa maana ndilo litakalowazuia kunyonya. Eksosta ikija na bomba la inchi 3 au 4, kitambaa kimoja kinatosha kuliziba, dereva anafunga na kuondoka. Na ameshalipwa safari.

Taka zinaingia chooni kwa sababu pipa liko mbali na choo kiko karibu. Mama mwenye nepi mkononi saa mbili usiku hatatembea mita 150 mpaka langoni. Kipimo kinachotumika kambini ni kwamba mtu asitembee zaidi ya mita 100 kufikia mahali pa taka pa pamoja, na pipa la familia liwe mita 15 kutoka mlangoni.

Jua_Kali_Taka
Suluhisho la taka ni rahisi jamani, chomeni. Chimbeni shimo, wekeni matofali na mabati, mchome kila jioni. Nepi inaungua, plastiki inaungua, hakuna cha kubeba.

Nuru_Hagadera
Kaka, nepi iliyolowa haiungui kwenye moto wa mabati. Inakauka nje, ndani inabaki mbichi, na moshi unalala juu ya mahema kwa sababu jioni hakuna upepo. Hema la turubai likishika cheche hakuna muda wa kuuliza nani amewasha. Ni kweli kwamba vifaa vya kituo cha afya vinachomwa, lakini kwenye tanuru lenye joto la juu na bomba refu, mbali na watu. Taka za familia hapana.

Kinachofanya kazi ni pipa la lita 200 lililokatwa katikati. Kila nusu ni lita 100, watu wawili wanaweza kuinyanyua ikiwa imejaa. Pipa zima likijaa taka mbichi hakuna anayelinyanyua, wanalipindua chini na kuzoa kwa koleo, na nusu inabaki pale. Toboa matundu matano chini kwa msumari mnene ili maji yatoke, liweke juu ya mawe mawili, lipate kifuniko cha bati chenye uzi wa waya ili kisiibwe.

Kwa watu 400, kadiria nusu kilo kwa mtu, kilo 200 kwa siku. Taka za aina hii zikiwa hazijashindiliwa huchukua kama lita 800. Hizo ni nusu-pipa 8 kila siku. Mna mapipa mawili. Vitambaa vingeenda wapi?

Mwangaza_Eastlands
Nimekuelewa dada Nuru. Tukiweka 8, ziende wapi kwanza?

Nuru_Hagadera
Usizigawe kwa usawa kwenye ramani. Weka nne kando ya njia ziendazo vyooni, hatua kumi kabla ya mlango, ili anayetoka hemani na kitu mkononi akutane na pipa kabla hajakutana na choo. Nne nyingine katikati ya mahema. Halafu ndani ya kila choo cha wanawake ndoo ndogo yenye kifuniko kwa ajili ya sodo, imwagwe kila asubuhi na mtu mmoja anayejulikana, mwenye glavu, anayelipwa. Ndoo isipomwagwa siku mbili, ya tatu sodo zinarudi shimoni, na baada ya hapo kuwarudisha watu kwenye ndoo ni kazi kubwa.

Mkokoteni upite kila siku, saa moja asubuhi. Ukipita mara moja tu kwa wiki kwenye joto la kambi, funza wanawahi kukomaa na kutambaa nje ya pipa wakawe inzi kabla hujafika.

Mzee_wa_Shamba
Kuhusu chokaa mbona hakuna aliyejibu? Chokaa inasaidia. Mwaga mfuko mmoja kila shimo, harufu inakwisha, na tope linashuka. Majivu pia yanafaa, wiki mbili tu vijidudu vyote vimekufa, unapata mbolea.

FundiMajitaka
Mzee wangu, kwenye chokaa umeshika nusu, na nusu hiyo ni ya maana sana, kwa hiyo niieleze vizuri.

Chokaa haipunguzi tope hata kidogo. Inaongeza kidogo. Inachofanya ni kupandisha pH hadi 12, na ikikaa hapo kwa saa mbili au zaidi, bakteria kama wa kipindupindu na homa ya matumbo wanakufa. Harufu ya kuoza inapungua, ingawa mwanzoni utakutana na harufu kali ya mkojo kwa sababu ya amonia inayotoka. Tahadhari, macho yatachoma.

Ila si kila chokaa. Dukani kuna chokaa ya kujengea, ile ya unga mweupe mwepesi sana, na kuna chokaa ya shambani ya kupunguza uchachu wa udongo. Zote nyeupe, zote kwenye mifuko. Ya shambani ni jiwe lililosagwa tu, ukiitia kwenye tope pH inaishia kwenye 8 hivi, na hakuna kilichokufa. Watu wanamwaga mifuko kumi, wanaona nyeupe, wanaamini. Njia ya kujua: koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, chovya karatasi ya kupimia pH. Ya kujengea inakupa zaidi ya 12 papo hapo.

Kosa la pili ni kumwaga unga juu ya shimo. Unakaa juu ya vitambaa kama unga wa ugali juu ya maji yasiyokorogwa. Chini ya ganda hilo tope liko vile vile.

Kwa mashimo ya Mwangaza ningefanya hivi. Kwanza ganda la juu litoke. Chukua nondo ya milimita 10, urefu mita 3, pinda ncha iwe ndoano kama ya kuvulia, vua vitambaa kupitia tundu la slabu au bora kupitia kifuniko cha nyuma kama kipo. Kila kinachotoka kiingie kwenye pipa lenye maji ya chokaa, kisha kizikwe. Usimruhusu mtu yeyote kushuka shimoni, hata kwa kamba. Hewa ya mle inaua kwa pumzi chache, na anayemfuata kumwokoa hufa pia.

Tope linalobaki ni uji mwepesi, litolewe kwa pampu ya mkono ya galpa. Jaza pipa la lita 200 mpaka lita 150. Tope la aina hii linahitaji gramu 10 hadi 15 za chokaa kwa kila lita, kwa hiyo kilo 2 kwa pipa ni makadirio mazuri. Koroga kwanza hizo kilo 2 kwenye ndoo ya maji ziwe kama uji, halafu mimina kwenye pipa, koroga kwa mti dakika 10. Pima pH. Ikiwa chini ya 12 ongeza robo kilo na kukoroga tena. Pima tena baada ya saa mbili. Ikiwa imeshuka, chokaa ilikuwa haitoshi, maana tope bado linaila. Shimo moja la lita 1,800 litakula kama mfuko mmoja wa kilo 25 kwa jumla. Miwani na glavu za mpira, na maziwa si dawa ya chokaa machoni: ni maji safi mengi, robo saa.

Sasa upande wa mzee ambao siafiki. Majivu kwa wiki mbili hayatoshi. Mayai ya minyoo ya tumbo yana ganda gumu na yanaweza kuishi miezi mingi. Kinyesi kikavu kilichochanganywa na majivu hadi pH ipite 9 kinahitaji miezi sita angalau, na ukikihifadhi bila majivu kwenye joto la kwetu, mwaka mzima au zaidi. Hata hiyo chokaa ya saa mbili siidhamini kwa mayai ya minyoo. Tope lililotiwa chokaa lizikwe, lisipelekwe kwenye sukuma wiki.

Mzee_wa_Shamba
Asante kwa maelezo. Ya miezi sita sikuijua. Lakini mboji moto je? Tukichanganya na maganda ya mboga?

FundiMajitaka
Mboji ikipata joto la nyuzi 50 na kuendelea kwa wiki nzima, kwenye kila sehemu ya lundo, hiyo inaua hata minyoo. Shida ni hiyo "kila sehemu". Pembeni kuna baridi, kwa hiyo lazima lundo ligeuzwe ili la nje liingie ndani, na lipimwe kwa kipimajoto kirefu. Lundo lililo chini ya mita moja kila upande halishiki joto. Na tope la Mwangaza ni maji matupu, lingehitaji maranda au majani makavu mengi kuliko tope lenyewe. Tena kumbuka: ukishatia chokaa, hakuna mboji. Viumbe wanaofanya joto umewaua. Chagua mojawapo.

Mkokoteni_Mathare
Nauliza kwa wenye uzoefu na eksosta. Kwa nini wasivute tu na kupeleka Ruai kwenye mabwawa? Chokaa ya nini basi?

FundiMajitaka
Swali zuri. Kama eksosta inaweza kufika, usitie chokaa. Vuta likiwa bichi, lipelekwe kwenye mtambo wa Dandora ulioko Ruai au mahali palipoidhinishwa na kampuni ya maji, kwa gari lenye leseni. Mabwawa yale yanafanya kazi kwa bakteria, nao hawapendi mzigo wa pH 12. Chokaa ni ya siku ambazo gari haliingii au kuna kipindupindu na tope lazima lizikwe hapo hapo.

Piga hesabu ya gari: watu 400 mara lita 2.4 ni karibu lita 960 kwa siku. Lori la lita 10,000 ni kila baada ya siku 10. Si jambo lisilowezekana mjini. Linalowezekana kwa shida ni tairi kwenye udongo mweusi wakati wa mvua. Lori likizama uwanjani litakaa hapo. Kwa hiyo bomba refu, mita 40 au 60, na lori libaki barabarani. Muulize mwenye gari kabla, maana wengi wana mita 20 tu. Bomba likizidi urefu nguvu ya kuvuta inapungua, na tope zito halitembei. Lenu ni jepesi, litatembea mradi vitambaa vimetoka.

Mwangaza_Eastlands
Lori limepatikana la lita 10,000, bomba mita 50. Tumevua vitambaa kwenye mashimo matatu, magunia saba yametoka. Swali ni baada ya kunyonya. Siku 15 tutarudi pale pale, au?

FundiMajitaka
Mtarudi, tena mapema. Kuta zimeshaziba.

Kwa hiyo msilitumie tena shimo kama shimo. Inueni choo. Jukwaa la magunia ya chakula yaliyojazwa udongo, urefu wa mita 1 hivi, ngazi yenye kishikio, na chini yake tangi la plastiki la lita 1,000 lililolala, lenye mdomo wa kunyonyea nje. Choo kimoja chenye tangi hilo kwa watu 50 kinajaa siku ya 8, kwa hiyo lori kila wiki. Tangi tupu lisiachwe bila kufungwa kwa kamba: maji ya mvua yakijaa chini yake linaelea na kuinua choo.

Angalizo kuhusu magunia: yale ya nailoni yaliyofumwa yakipigwa na jua yanachanika baada ya miezi michache. Yapakwe udongo kwa nje, au yafunikwe kwa turubai chakavu.

Nuru_Hagadera
Hapo Fundi nakupinga kidogo. Tangi na lori kila wiki ni sawa kama kuna mwenye kulipa lori kila wiki. Fedha za dharura zikiisha mwezi wa pili, matangi yanajaa, na watu 400 hawana choo. Mimi ningetenganisha mkojo tangu mwanzo. Kinyesi kiingie ndoo ya lita 20 yenye maranda, mkojo kwenye mtungi. Kinyesi cha mtu ni gramu 300 hivi, familia ya watano ni kilo moja na nusu kwa siku. Ndoo inabebwa mara mbili kwa wiki na mkokoteni ule ule, hakuna lori zito. Kakuma kulijaribiwa vyoo vya kubeba namna hii, kinyesi kikapashwa joto kuua vijidudu, kikachanganywa na unga wa makaa na kufanywa makaa ya kupikia.

FundiMajitaka
Hoja ya fedha ni ya kweli, siwezi kuibishia. Lakini nusu ya hawa wanachamba kwa maji. Lita moja ya maji ikiingia kwenye ndoo ya maranda, una supu, na mbebaji anamwagikiwa begani. Lazima kuwe na sehemu ya tatu ya kuchambia, pembeni, yenye bomba lake. Na hayo maji yaende wapi kwenye udongo huu? Lita 400 kwa siku za maji ya kuchamba, na mkojo kama lita 450. Tumerudi kwenye swali lile lile la udongo usiokunywa.

Nuru_Hagadera
Yaende kwenye kitanda cha changarawe kilichoinuliwa na kupandwa migomba, chenye mpira chini usiopitisha maji, ili maji yatoke kama mvuke.

FundiMajitaka
Kiangazi ndiyo. Wakati wa mvua kitanda kinapokea maji kutoka juu pia, na hewa haikaushi. Ukikifunika paa, labda. Sijaona kilichobeba lita 800 kwa siku kwenye mvua za masika.

Jua_Kali_Taka
Nimeacha habari ya kuchoma. Hizo chupa na mikebe zinazookotwa, zinauzika? Kuna vijana wanaweza kuzichukua.

Mkokoteni_Mathare
Chupa ngumu za maji na mitungi iliyopasuka zinauzika kwa kilo, zikiwa safi na zimetenganishwa. Zikichanganywa na mabaki ya githeri mnunuzi anapunguza bei au anakataa. Ndiyo maana pipa la mabaki ya chakula liwe peke yake tangu hemani, si kuchambua baadaye. Mabaki yenyewe yanachukuliwa na wafugaji wa mbuzi na nguruwe, ila lazima wapewe siku hiyo hiyo.

Mikebe ya mafuta ya msaada isiuzwe skrepu. Ikatwe pembeni, inyooshwe kwa nyundo, inakuwa bati la mlango. Kule Dadaab na Kakuma milango mingi imetengenezwa hivyo. Kingo zikunjwe milimita 10 ndani, vinginevyo zinakata watoto. Zilizochomwa au zilizohifadhi dawa zisitumike popote karibu na maji ya kunywa.

Vilivyotoka shimoni, hata chupa nzima, usimpe kijana auze. Mnunuzi anaviosha mtoni.

Mwangaza_Eastlands
Nimeandika yote. Nusu-pipa 8 zinakatwa kesho, ndoo za sodo zimenunuliwa. Tutanyonya mashimo manane, tunaanza na vyoo viwili vya kuinuliwa kwanza vya upande wa barabara, na viwili vya kutenganisha mkojo kwa familia zinazotumia karatasi, tuone. Mashimo yatakayoachwa tuyazibe vipi?

FundiMajitaka
Mwaga maji ya chokaa kwenye tope lililobaki chini, mawe na udongo juu, ushindilie kila sentimita 20, na uishie sentimita 30 juu ya usawa wa ardhi kwa sababu patatitia. Weka alama ya mti na tarehe. Mtu asipige hema hapo, na asichimbe.

Na kwenye vile viwili vya kutenganisha, tupe vipimo: ndoo inajaa baada ya siku ngapi, na mtungi wa mkojo wa lita 20 baada ya saa ngapi. Hiyo namba ya pili ndiyo itakayoamua kati yangu na dada Nuru.